JALADA LA VIDEO: PIMA KWANZA, NDIPO ULIPE

Wafanyabiashara wa mashine, samani, vitambaa na pembejeo wanaoweka video za bidhaa zao YouTube wameanza kupokea ankara ya aina mpya. Ni ankara ya fundi wa picha anayetengeneza jalada la video, yaani ile picha moja inayoonekana kabla mtu hajaifungua. Fundi hudai kwamba jalada lake litaongeza wateja, na baada ya wiki moja huleta tarakimu za kuthibitisha dai hilo. Mara nyingine tarakimu hizo ni za kweli lakini hazithibitishi lolote. Mara nyingine mfanyabiashara huziona zimeshuka, akamfukuza fundi ambaye kazi yake ilikuwa nzuri.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua jalada, na hasa namna ya kulipima. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme yupo mfanyabiashara wa Singida anayeuza mashine za kukamua alizeti. Ana video ya dakika 6 inayoonyesha mashine ikifanya kazi, na mwishoni mwake imewekwa namba ya simu. Fundi anataka Sh. 30,000 kwa kila jalada. Tarakimu zote za mfanyabiashara huyu ni za mfano tu, ila hesabu yenyewe msomaji anaweza kuifanya kwa video yake.

KINACHOHESABIWA

Hapana budi kuanza na maneno mawili. La kwanza ni maonyesho, yaani idadi ya mara ambazo jalada limepita mbele ya macho ya watu. YouTube huhesabu onyesho moja pale jalada linapokaa kwenye kioo zaidi ya sekunde 1, na angalau nusu ya picha yake ikiwa inaonekana. La pili ni kiwango cha mibofyo, yaani katika kila maonyesho 100, ni mara ngapi mtu ameibofya picha hiyo na kuanza kutazama. Jalada likionyeshwa mara 4,000 na kubofywa mara 200, kiwango ni asilimia 5.

Tarakimu hizi zinapatikana katika YouTube Studio. Fungua video husika, ingia Analytics, kisha Reach. Maonyesho yameandikwa Impressions, na kiwango cha mibofyo kimeandikwa Impressions click-through rate.

Yafaa kukumbuka kwamba si kila mtazamaji anaingia katika hesabu hiyo. Ukituma kiungo cha video katika kundi la WhatsApp, watu 300 wakafungua, hao watahesabiwa kuwa wameitazama video, lakini hakuna onyesho lililoandikwa kwa ajili yao. Kwa hiyo idadi ya waliotazama inaweza kupanda sana bila jalada kuhusika. Fundi akikuonyesha waliotazama peke yake, mwombe akuonyeshe maonyesho na kiwango cha mibofyo.

Wengi huuliza kiwango kizuri ni kipi. Maelezo ya YouTube yenyewe yanasema kwamba nusu ya chaneli na video zote zina kiwango kati ya asilimia 2 na 10. Upana huo ni mkubwa kiasi kwamba hausaidii kumhukumu mtu. Kiwango cha video yako kilinganishwe na kiwango chake chenyewe cha awali, si na cha jirani anayeuza bidhaa nyingine.

KUCHAGUA FREMU

Video ikishapakiwa, YouTube hutoa picha tatu ilizozichagua yenyewe kutoka ndani ya video. Mwenye video anaweza kuchukua moja kati ya hizo, au kupakia picha yake mwenyewe akishathibitisha namba yake ya simu. Ukubwa unaopendekezwa ni nukta 1280 kwa 720, yaani picha ya kulala. Picha iliyopigwa simu ikiwa imesimamishwa wima itabaki na nafasi tupu pembeni.

Jalada la kwanza la mfanyabiashara wetu, tuliite jalada A, linamwonyesha yeye mwenyewe amesimama mbele ya duka, mashine ikiwa nyuma yake, na jina la duka limeandikwa juu. Ni picha safi. Kasoro yake ni kwamba mtu asiyemfahamu haelewi video inahusu nini. Je, ni ufunguzi wa duka? Ni tangazo la ajira? Mashine imekuwa kitu kidogo cha kijivu nyuma ya mtu.

Kanuni ya kwanza ya kuchagua fremu ni kujiuliza mnunuzi anataka kukiona kitu gani kabla hajatoa fedha. Anayenunua mashine ya kukamua alizeti hana haja na sura ya muuzaji. Anataka kuona mafuta yanavyotoka, na anataka kuona mashudu. Mashudu yakitoka yamelowa, maana yake mafuta yamebaki ndani na mwenye mashine anapoteza mali. Mashudu makavu yanayovunjika mkononi ni dalili njema. Basi jalada B ni fremu iliyochukuliwa ndani ya video, ambapo mafuta yanatiririka kwenye ndoo upande mmoja na mashudu makavu yanadondoka upande wa pili.

Mfano unaojulikana wa kanuni hii ni wa kampuni ya filamu ya Netflix. Katika maelezo iliyoyatoa mwaka 2016, ilisimulia jaribio la filamu ya kumbukumbu inayoitwa The Short Game, inayohusu watoto wanaoshindana katika gofu. Picha ya awali haikudhihirisha kwa haraka kwamba habari ni ya watoto. Walipoweka picha nyingine zilizodhihirisha jambo hilo, iliyofanya vizuri zaidi iliongeza kwa asilimia 14 sehemu ya watu walioamua kuitazama. Filamu haikubadilishwa hata kidogo, ila picha ilianza kusema kilichomo ndani.

Kupata fremu yenyewe kunahitaji uvumilivu. Ukitazama video ya YouTube kwenye kompyuta, isimamishe, kisha bonyeza kitufe cha nukta kusogea fremu moja mbele na kitufe cha mkato kurudi fremu moja nyuma. Utagundua kwamba fremu nyingi zina ukungu kwa sababu mkono au mashine ilikuwa katika mwendo. Tafuta nukta ambapo mwendo umetulia kidogo. Ukishaipata, andika dakika na sekunde yake, ukaitoe picha hiyo kutoka kwenye faili la asili la kamera. Usipige picha ya kioo, kwa maana itapoteza ubora. Kama hakuna fremu safi, ni nafuu kurudi na kupiga picha ya kawaida ya tukio lilelile, mradi kinachoonekana kwenye picha kiwemo ndani ya video.

Kabla ya kuliidhinisha jalada, litazame kwenye simu, siyo kwenye kompyuta ya fundi. Kwenye kompyuta picha ni kubwa na kila kitu kinapendeza. Kwenye simu, hasa jalada linapokaa pembeni ya video nyingine, upana wake ni kama vidole viwili au vitatu. Ndoo na mafuta vikiwa havitambulikani kwa umbali wa mkono, picha haifai. Aidha, kona ya chini upande wa kulia hufunikwa na muda wa video, kwa hiyo bei au namba ya simu isiwekwe hapo. Maneno yawe machache, kwa kuwa kichwa cha video kinasomeka papo hapo chini ya picha na hakuna haja ya kukirudia.

KIPANDE CHA MWONJO

Siku hizi mtu akisimama kidogo juu ya jalada katika ukurasa wa mwanzo wa YouTube kwenye simu, video huanza kucheza yenyewe bila sauti. Kipande hicho cha mwonjo mwenye video hakichagui kama anavyochagua jalada. Anachoweza kufanya ni kuzipanga sekunde za kwanza za video, kwa sababu ndizo zinazocheza. Video ikianza na nembo inayozunguka kwa sekunde 10, mwonjo wake ni nembo. Mfanyabiashara wetu alifaa kuanza na mbegu zinazomiminwa na mafuta yanayotoka, kisha ndipo ajitambulishe. Kwa kuwa sauti haisikiki, jambo la kwanza lieleweke kwa macho.

Jambo hili linahusu pia upimaji. Video iliyokwisha kupakiwa huwezi kuibadilisha mwanzo wake kwa kuongeza picha mpya; utalazimika kupakia upya na kuanza na hesabu mpya. Jalada, kinyume chake, hubadilishwa wakati wowote, video ikibaki ileile na hesabu zake zilezile. Ndiyo sababu jalada ndilo kitu rahisi zaidi kujaribiwa.

HESABU YA WIKI MBILI

Sasa tuje kwenye mtego. Mfanyabiashara aliacha jalada A kwa wiki moja, kisha akaweka jalada B wiki iliyofuata. Wiki ya kwanza jalada lilionyeshwa mara 4,000 na kubofywa mara 200, sawa na asilimia 5. Wiki ya pili lilionyeshwa mara 12,000 na kubofywa mara 450, sawa na asilimia 3.75. Mtu aliyezoea kusoma bei za soko atasema papo hapo kwamba jalada B limeshusha kiwango, lirudishwe la zamani.

Kabla ya kufanya hivyo, afungue sehemu iitwayo Traffic source types, ambayo hutenganisha watazamaji kulingana na mahali walipoliona jalada. Tuseme anakuta sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni YouTube search, yaani watu walioandika wenyewe maneno kama "mashine ya alizeti" wakaletewa video. Ya pili ni Browse features, yaani watu waliofungua tu ukurasa wa mwanzo na kuiona video bila kuitafuta.

Wiki ya kwanza, jalada A lilionyeshwa kwa watafutaji mara 2,000 na kubofywa mara 160, sawa na asilimia 8. Katika ukurasa wa mwanzo lilionyeshwa mara 2,000 na kubofywa mara 40, sawa na asilimia 2.

Wiki ya pili, jalada B lilionyeshwa kwa watafutaji mara 2,000 na kubofywa mara 200, sawa na asilimia 10. Katika ukurasa wa mwanzo lilionyeshwa mara 10,000 na kubofywa mara 250, sawa na asilimia 2.5.

Msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Kwa watafutaji, jalada B limepanda kutoka asilimia 8 hadi 10. Kwa ukurasa wa mwanzo limepanda kutoka asilimia 2 hadi 2.5. Limeshinda pande zote mbili, na hata hivyo kiwango cha jumla kimeshuka kutoka 5 hadi 3.75. Hakuna kosa la hesabu. Kilichotokea ni kwamba wiki ya pili YouTube iliipeleka video kwa watu wengi zaidi wa ukurasa wa mwanzo, na watu hao kwa kawaida hubofya kwa kiwango cha chini kwa sababu hawakuwa wanatafuta mashine. Wingi wao umeivuta jumla chini.

Ni sawa na mchuuzi wa nyanya aliyeuza sokoni kwa bei ya juu na shambani kwa bei ya chini. Wiki ya pili bei zote mbili zimepanda, lakini amepeleka mzigo mkubwa zaidi shambani. Wastani wake wa bei unaweza kushuka ingawa kila soko limempa bei bora kuliko awali.

Kwa hiyo kiwango cha jumla kisitumike kulihukumu jalada. Linganisha watafutaji na watafutaji, ukurasa wa mwanzo na ukurasa wa mwanzo. Mtego huu hufanya kazi upande wa pili pia. Jalada baya linaweza kuonekana limepandisha kiwango cha jumla, kwa sababu tu maonyesho ya ukurasa wa mwanzo yamepungua na waliobaki ni watafutaji.

JE, TOFAUTI NI YA KWELI?

Hata baada ya kutenganisha, lipo swali lingine. Mibofyo hupanda na kushuka yenyewe kila wiki bila mtu kugusa kitu. Tutajuaje kwamba 160 na 200 si mchezo wa bahati tu?

Ipo kanuni fupi inayotosha kwa biashara ndogo, pale ambapo maonyesho ya majalada yote mawili ni sawa au yanakaribiana. Jumlisha mibofyo ya pande zote mbili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha zidisha kwa 2. Tofauti ya mibofyo ikizidi jibu hilo, kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba jalada limeleta badiliko. Isipozidi, subiri.

Kwa watafutaji, 160 na 200 ni 360. Kipeuo chake cha pili ni karibu 19, na mara 2 ni 38. Tofauti yetu ni 40. Imepita, lakini kwa kubanana sana.

Kwa ukurasa wa mwanzo maonyesho hayakuwa sawa, kwa hiyo tuyalete kwanza kwenye kipimo kimoja. Asilimia 2.5 ya maonyesho 2,000 ni mibofyo 50. Tunalinganisha basi 40 na 50. Jumla ni 90, kipeuo cha pili ni karibu 9.5, na mara 2 ni 19. Tofauti ni 10 tu. Haijapita. Mfanyabiashara anaruhusiwa kusema jalada B huenda limesaidia kwa watafutaji, lakini kuhusu ukurasa wa mwanzo hana ushahidi bado.

Kanuni hii inaonyesha pia kwa nini video yenye maonyesho 300 kwa wiki haiwezi kupimwa kwa wiki moja. Mibofyo 12 dhidi ya 18 inaonekana kama ongezeko la nusu nzima. Lakini jumla ni 30, kipeuo chake ni karibu 5.5, na mara 2 ni 11. Tofauti ya 6 haina uzito. Fundi atakayekuletea habari ya "ongezeko la asilimia 50" kutoka kwenye mibofyo 12 anauza bahati.

MIBOFYO MINGI, WANUNUZI WACHACHE

Tuseme sasa fundi analeta jalada C, lenye picha ya mabunda ya noti, mshale mwekundu, na maneno ya kudokeza utajiri. Kwa maonyesho 2,000 ya watafutaji, jalada hilo linabofywa mara 300, yaani asilimia 15. Kwa kipimo cha mibofyo peke yake, limewashinda wenzake wote, na tofauti yake na jalada B inapita ile kanuni yetu bila taabu.

Hapo ndipo hapana budi kutazama kinachofuata baada ya kubofya. Tuchukue wastani wa muda wa kutazama, unaoandikwa Average view duration. Waliofuata jalada B walitazama dakika 3 kwa wastani. Waliofuata jalada C walitazama dakika 1, wakaondoka walipoona hakuna habari ya fedha bali mashine. Zidisha: mibofyo 200 kwa dakika 3 ni dakika 600. Mibofyo 300 kwa dakika 1 ni dakika 300. Kwa maonyesho yaleyale 2,000, jalada C limeleta nusu tu ya muda wa kutazama. Na kwa kuwa namba ya simu iko mwishoni mwa video, wengi wa hao 300 hawakuiona.

Kuna hatari nyingine. Kanuni za YouTube zinakataza jalada linalomdanganya mtazamaji kuhusu kilichomo ndani, na video inaweza kuondolewa kwa sababu hiyo. Mwenye duka anayetegemea video moja kuleta simu za wateja asiiweke rehani kwa ajili ya mibofyo ya wiki moja.

Basi kipimo cha pili baada ya kiwango cha mibofyo ni muda wa kutazama kwa kila maonyesho 1,000. Kwa watafutaji, jalada B limetoa dakika 300 na jalada C dakika 150. Jalada A, lililobofywa mara 160 kwa wastani wa dakika 3, limetoa dakika 240. Kumbe jalada C, lililoongoza kwa mibofyo, ndilo la mwisho.

NAMNA YA KUPANGA JARIBIO

Mwaka 2024 YouTube ilifungua kwa wenye chaneli wengi kifaa cha kujaribu majalada hadi matatu kwa wakati mmoja, kilichopewa jina la Test & compare. Hutumika kupitia YouTube Studio kwenye kompyuta, kwa chaneli iliyokubaliwa kutumia huduma za juu. Faida yake kubwa ni kwamba majalada hugawiwa watazamaji katika siku zilezile, kwa hiyo sikukuu, mvua au msimu huyagusa yote kwa usawa. Jaribio huweza kuendelea hadi wiki 2. Yafaa kujua kwamba mshindi huchaguliwa kwa mgawo wa muda wa kutazama, si kwa kiwango cha mibofyo. Jalada C lingeshindwa humo, na hiyo ni kwa manufaa ya mwenye duka. Vilevile kifaa kinaweza kutoa jibu kwamba hakuna mshindi wa wazi. Hilo nalo ni jibu, maana yake majalada hayo hayatofautiani kiasi cha kustahili kulipiwa.

Asiye na kifaa hicho apange zamu kwa mkono. Wiki ya kwanza jalada A, ya pili B, ya tatu A tena, ya nne B tena. Kurudia zamu kunasaidia kutambua kama ni jalada au ni msimu. Wauza mashine za alizeti wanajua kwamba maulizo huongezeka mavuno yanapokaribia. Kama kiwango kilipanda wiki ya pili na kikaendelea kupanda wiki ya tatu wakati jalada A limerudi, ongezeko hilo lilikuwa la msimu.

Wiki ziwe kamili, kwa sababu Jumamosi na Jumapili watu hutazama tofauti na siku za kazi. Kwa muda wote wa jaribio, kichwa cha video kisibadilishwe na maelezo yake yasiguswe. Ukibadili jalada na kichwa kwa pamoja, hutajua kipi kimefanya kazi. Aidha, usilipie tangazo la video hiyo katikati ya jaribio.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Siku katika hesabu za YouTube hufuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu Afrika Mashariki siku hiyo mpya huanza saa 4 asubuhi wakati Wamarekani wamesogeza saa zao mbele, na saa 5 asubuhi katika miezi mingine. Anayebadili jalada saa 2 usiku atakuwa ameigawa siku moja ya hesabu kati ya majalada mawili. Badilisha katika saa hizo za asubuhi, au iache siku ya kubadilisha nje ya hesabu. Tarakimu nazo huchelewa, kwa hiyo subiri siku 2 au 3 baada ya wiki kwisha ndipo uzinakili daftarini.

JE, INALIPA?

Turudi kwenye ankara ya Sh. 30,000. Mfanyabiashara wetu ana daftari ambamo kila anayepiga simu huulizwa ameiona wapi mashine. Daftari linaonyesha kwamba kwa kila mibofyo 40 hupatikana simu 1, na kwa kila simu 10 huuzwa mashine 1. Faida yake kwa mashine ni Sh. 300,000.

Jalada B limeongeza mibofyo 40 ya watafutaji kwa wiki. Kwa wiki 4 ni mibofyo 160, yaani simu 4, yaani sehemu 4 za 10 za mauzo ya mashine moja. Faida inayotarajiwa ni Sh. 120,000 kwa mwezi. Lakini tulikwisha kuona kwamba tofauti hiyo ilipita kanuni kwa kubanana, kwa hiyo ongezeko la kweli huenda ni dogo kuliko 40. Mtu mwangalifu atakata nusu na kuhesabu Sh. 60,000. Hata hivyo ankara ya Sh. 30,000 inalipwa katika mwezi wa kwanza, na jalada linaendelea kukaa.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa muuza sabuni za maji anayepata faida ya Sh. 2,000 kwa kila mteja. Kwa mibofyo ileile 160, sehemu 4 za 10 za mteja mmoja ni Sh. 800. Ankara ya Sh. 30,000 ingemchukua karibu miaka mitatu kuirudisha. Kwake inafaa kuchagua mwenyewe fremu safi ndani ya video na kuiacha.

Anayeamua kumlipa fundi aandikiane naye mapatano kabla ya kazi. Yatajwe majalada mawili yatakayoshindanishwa, wiki nne za zamu au jaribio moja la kifaa cha YouTube, na sehemu ya watazamaji itakayotumiwa kulinganisha. Mathalani nusu ya fedha ilipwe picha inapokabidhiwa, na nusu ya pili ilipwe iwapo muda wa kutazama kwa maonyesho 1,000 ya watafutaji haukushuka na mibofyo yao imepita ile kanuni ya kipeuo cha pili. Mwenye chaneli asitoe neno lake la siri kwa fundi. YouTube Studio ina sehemu ya Permissions, ambako fundi hupewa ruhusa ya kuona hesabu tu, na ruhusa hiyo huondolewa kazi inapokwisha.